Hisa zikihamia London baada ya barua ya wizara

*"Kampuni yetu ni ya familia, Wakenya watupu. Tuna mtambo mdogo wa umeme wa maji Murang'a tangu 2016 na tunauzia gridi. Machi mwaka huu tulipata barua ya wizara kwamba serikali inakusudia kupunguza bei ya mkataba wetu. Mshauri mmoja wa Westlands anasema tusajili kampuni London, tuhamishie hisa zote huko, kisha tuishtaki serikali kule Washington kama wawekezaji wa Uingereza. Anasema wasuluhishi huangalia cheti cha usajili tu. Je, ni kweli? Na serikali ikipinga, itatumia hoja gani?"*

Mshauri wenu amewaambia nusu ya ukweli, na nusu hiyo ina kesi maarufu nyuma yake. Tokios Tokelés ilikuwa kampuni iliyosajiliwa Lithuania, lakini asilimia 99 ya hisa zake zilimilikiwa na raia wa Ukraine. Iliishtaki Ukraine mbele ya Kituo cha Kimataifa cha Kutatua Migogoro ya Uwekezaji, yaani ICSID, ambacho makao yake ni Washington. Mwaka 2004 wasuluhishi wawili kati ya watatu waliamua kwamba mkataba wa uwekezaji wa nchi hizo mbili, ambao humpa mwekezaji wa nchi moja haki ya kuishtaki nchi nyingine, unamtambua mwekezaji wa Lithuania kuwa kampuni iliyoundwa kwa sheria za Lithuania, basi. Haukuuliza wenye hisa ni kina nani, na jopo halina ruhusa ya kuongeza sharti ambalo nchi zenyewe hazikuliandika. Mwenyekiti wa jopo, Prosper Weil, alipinga vikali akisema Kituo kiliundwa kwa ajili ya migogoro kati ya nchi na wageni, si kati ya nchi na raia wake waliojivika kampuni ya nje. Baadaye alijiuzulu kwenye jopo hilo.

Uamuzi wa wale wawili ndio ulioenea. Mkataba wa uwekezaji kati ya Kenya na Uingereza wa 1999 nao unaitambua kampuni ya Uingereza kwa kuundwa chini ya sheria za huko. Kwa hiyo mkisajili kampuni London leo, kwa karatasi itakuwa ya Kiingereza hata kama wanahisa wake wote wanaishi Kiambu na Nairobi. Hapo mshauri yuko sahihi.

Alichokiacha ni tarehe. Tokios Tokelés ilianzishwa 1989, miaka kadhaa kabla ya mkataba ule kuanza kutumika, na mgogoro haukuwa hata na dalili. Hakuna aliyeweza kudai kwamba iliundwa ili kushtaki. Nyinyi mnafikiria kuunda kampuni baada ya barua, na hilo linabadilisha kesi yote.

Kwanza niondoe hofu moja: kupanga umiliki kupitia nchi yenye mkataba mzuri si kosa. Mobil ilipoishtaki Venezuela, ilionekana kwamba ilikuwa imeingiza kampuni ya Uholanzi katikati ya umiliki wake mwaka 2005 na 2006, na haikuficha kwamba mojawapo ya sababu ilikuwa kupata ulinzi wa mkataba wa Uholanzi. Jopo lilisema mwaka 2010 kwamba kujilinda dhidi ya migogoro ya baadaye ni halali kabisa. Lakini madai yaliyohusu mrabaha na kodi, ambayo yalikuwa yameanza kugombaniwa kabla ya kampuni ile kuingizwa, yaliondolewa. Yale ya utaifishaji wa 2007 yakabaki. Angalieni jinsi jopo lilivyofanya: mwekezaji ni yuleyule, kampuni ni ileile, ila kila mgogoro ulipimwa kwa tarehe yake. Ikiwa hisa zenu zitahamia London mwaka huu, na miaka sita baadaye kaunti ikachukua ardhi ya mtambo kwa jambo lisilohusiana na bei, kampuni ya London inaweza kuwa na la kusema. Kuhusu bei iliyotajwa kwenye barua ya Machi, mambo ni mengine.

Kuna hali mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni mgogoro uliokwisha kutokea. Hapo jopo halihitaji hata kuzungumzia hila, kwa sababu siku serikali ilipochukua hatua, mwekezaji wa Kiingereza hakuwepo, na mkataba haumlindi mtu kwa jambo lililotendeka kabla hajawa mwekezaji. Ya pili ni mgogoro ambao haujatokea lakini unaonekana unakuja. Hapa kampuni ya London itakuwepo siku bei itakapopunguzwa rasmi, kwa hiyo tarehe kwa karatasi iko sawa, na hapa ndipo serikali itaibua hoja ya matumizi mabaya ya mchakato: kwamba haki ya kwenda kwa wasuluhishi ipo, lakini imepatikana kwa njia inayoipotosha shabaha yake. Barua yenu inawaweka katika hali hii ya pili.

Kesi inayofanana zaidi na yenu ni ya Philip Morris Asia dhidi ya Australia, na inafaa kufuatwa tarehe kwa tarehe. Tarehe 29 Aprili 2010 serikali ya Australia ilitangaza kwamba italeta sheria ya pakiti za sigara zisizo na nembo. Wakati huo biashara ya Philip Morris nchini Australia haikumilikiwa na kampuni ya Hong Kong. Tarehe 23 Februari 2011 hisa zilihamishiwa Philip Morris Asia ya Hong Kong, kwa sababu Hong Kong na Australia zilikuwa na mkataba wa uwekezaji wa 1993. Miezi minne baadaye, tarehe 27 Juni, kampuni ya Hong Kong ikatoa taarifa ya madai. Bunge likakamilisha kupitisha sheria tarehe 21 Novemba 2011, na siku hiyohiyo kampuni ikafungua shauri.

Utetezi wa kampuni ulikuwa uleule ambao nadhani mshauri wenu angeutoa: kwamba tangazo ni tangazo tu, uchaguzi ulikuwa umepita katikati, serikali ilikuwa dhaifu bungeni, na hakuna aliyejua kama sheria ingepita. Pia ilidai kwamba uhamisho ulikuwa na sababu nyingine za kikodi na za kiutawala. Desemba 2015 jopo lilikataa yote mawili. Lilisema hakuhitajiki uhakika. Inatosha kwamba, siku ya uhamisho, kulikuwa na matarajio ya kuridhisha kwamba hatua inayoweza kuzaa madai ingetekelezwa. Serikali ilikuwa imetamka nia yake hadharani na haikuiacha. Na kuhusu sababu nyingine, jopo halikuona ushahidi uliolishawishi, likaamua kwamba sababu kuu iliyoamua uhamisho ilikuwa kupata mkataba kwa ajili ya kesi hii hasa. Madai hayakusikilizwa kabisa, wala swali la kama sheria ile ilikuwa halali kwa mujibu wa mkataba halikujibiwa.

Sasa wekeni kalenda yenu pembeni ya ile. Badala ya tangazo kwa umma, mna barua yenye jina la kampuni yenu, inayotaja mkataba wenu na kipengele kitakachoguswa. Neno "inakusudia" halitawasaidia. Australia nayo ilikuwa inakusudia tu.

Ni kweli kwamba majopo hayakubaliani kuhusu urefu wa kizingiti. Katika kesi ya Pac Rim dhidi ya El Salvador, jopo la 2012 lilitaka zaidi: mwekezaji awe aliuona mgogoro mahususi ukija kwa uwezekano mkubwa sana, si kama jambo linaloweza kutokea au lisitokee. Tena ni serikali inayobeba mzigo wa kuthibitisha, na wasuluhishi hawapendi kumwita mtu mlaghai bila sababu nzito. Mawakili wa upande wenu wangeegemea kipimo cha Pac Rim. Maoni yangu ni kwamba barua yenu inavuka vizingiti vyote viwili. Ingekuwa tofauti kama mngekuwa mmesikia tu fununu kwamba bei za umeme nchini zitaangaliwa upya. Fununu ya sekta nzima si mgogoro mahususi.

Niseme pia kuhusu ushahidi, kwa sababu ndio huangusha wengi. Jopo likishaona tarehe, huomba nyaraka za ndani: kumbukumbu za vikao vya bodi, barua pepe, makadirio ya wahasibu, bei iliyolipwa kwa hisa. Ikiwa sababu ya kibiashara ilikuwepo kweli, huacha alama: benki iliyotaka kampuni mama ya Uingereza kabla ya kutoa mkopo, mwekezaji mwenza aliyeweka sharti, mpango wa kununua mtambo nchi nyingine. Ikiwa hakuna chochote isipokuwa ujumbe wa mshauri usemao "tuhame tushtaki", ujumbe huo ndio utakaosomwa. Na mshauri asiye wakili huenda hana kinga ya usiri kwa mazungumzo yenu.

Msikubali kamwe pendekezo la kurudisha tarehe nyuma, hata likitolewa kwa upole. Katika kesi ya Levy na Gremcitel dhidi ya Peru, iliyoamuliwa Januari 2015, wadai walileta nyaraka za kuonyesha kwamba hisa zilihamishiwa kwa Mfaransa wa familia mwaka 2005. Jopo lilizichunguza likaona haziaminiki, na kwamba uhamisho halisi ulifanyika Oktoba 2007, siku moja kabla ya uamuzi wa serikali waliokuwa wanaulalamikia. Kesi ikafia hapo. Kwetu ni rahisi hata zaidi kubaini: uhamisho wa hisa hupita kwa Msajili wa Kampuni na kwa ushuru wa stempu, na kanuni za 2020 zinadai majina ya wamiliki halisi wenye kuanzia asilimia 10. Serikali mnayotaka kuishtaki ndiyo inayotunza daftari hilo, na majina ya familia yenu yatakuwemo hata baada ya London kuingizwa.

Kuna tatizo lingine ambalo mshauri hakulitaja, na limetoka hapa jirani. Benki ya Standard Chartered ya Uingereza iliishtaki Tanzania kuhusu mkopo wa mtambo wa umeme wa IPTL, ikitumia mkataba wa Uingereza na Tanzania. Mkopo wenyewe ulikuwa mikononi mwa kampuni yake ya Hong Kong. Mwaka 2012 jopo lilisema mkataba unalinda uwekezaji uliofanywa na Mwingereza, na neno "uliofanywa" linadai tendo: kutoa fedha, kuelekeza, kusimamia. Kuwa juu ya ngazi ya umiliki bila kufanya lolote hakukutosha. Sasa fikirieni kampuni yenu ya London: mtambo ulijengwa 2016 kwa fedha za familia na mkopo wa benki ya Kenya, na hisa zitapokewa kwa bei ya jina tu. Hata msuluhishi asiyejali hila atauliza kampuni hiyo imewekeza nini. Si majopo yote hufuata njia hiyo, lakini serikali haitaacha kuitumia.

Nije kwenye kipengele cha kunyima manufaa. Hiki ni kifungu ambacho nchi huandika ndani ya mkataba kujihifadhia haki ya kuikatalia ulinzi kampuni inayomilikiwa na watu wasio wa nchi mwenza, ikiwa kampuni hiyo haina shughuli za maana mahali ilipoandikishwa. Kinatofautiana na hoja ya matumizi mabaya ya mchakato kwa jambo moja kubwa: hakijali nia yenu wala tarehe. Kinauliza tu nani anamiliki na kampuni inafanya nini. Pac Rim ndiyo inayoonyesha hili vizuri. Kampuni ilihamishwa kutoka Visiwa vya Cayman hadi Nevada Desemba 2007 ili kuingia chini ya mkataba wa Marekani na nchi za Amerika ya Kati. Hoja ya matumizi mabaya ilishindwa. Lakini El Salvador ilitumia kifungu cha kunyima manufaa na ikashinda kwa hicho, kwa sababu mmiliki wa mwisho alikuwa kampuni ya Kanada, na ile ya Nevada haikuwa na mfanyakazi, ofisi wala akaunti ya benki. Madai yaliyobaki, chini ya sheria ya uwekezaji ya El Salvador yenyewe, yalikataliwa Oktoba 2016, na kampuni ikaamriwa kuilipa nchi hiyo dola milioni 8 za gharama.

Wengi hudhani nchi lazima itangaze mapema kwamba inanyima manufaa. Inategemea mkataba. Katika kesi ya Plama dhidi ya Bulgaria, mwaka 2005, chini ya Mkataba wa Hati ya Nishati, ambao ni mkataba wa nchi nyingi unaolinda wawekezaji wa nishati, jopo lilisema haki hiyo lazima itumiwe waziwazi na haigusi yaliyopita. Serikali ikisubiri hadi ishtakiwe, imechelewa kwa mgogoro huo. Lakini El Salvador ilinyima manufaa mwaka mmoja na zaidi baada ya kushtakiwa, na ikakubaliwa. Kwa hiyo msitegemee ukimya wa serikali kama ngao.

Mikataba mingi ya Uingereza ya miaka ya 1990 haina kifungu hiki, na bila shaka ndiyo sababu mshauri amechagua London. Someni wenyewe maandishi ya mkataba wa 1999 mkiwa na wakili. Kukosekana kwa kifungu kunaondoa hoja moja tu. Ile ya matumizi mabaya ya mchakato inatokana na wajibu wa nia njema na haihitaji kuandikwa popote. Mikataba mipya inaziba mlango wote. Itifaki ya Uwekezaji ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, iliyopitishwa Februari 2023, inataka kampuni iwe na shughuli za maana za kibiashara kwenye nchi yake, na ina kifungu cha kunyima manufaa.

Pimeni sasa gharama dhidi ya matarajio. Kuwasilisha ombi ICSID tu ni dola 25,000 zisizorudi, na hiyo ni ada ya mlangoni kabla ya mawakili na wasuluhishi. Kuhamisha hisa kunaweza kuleta kodi ya faida ya kuuza au kuhamisha mali, ambayo Kenya ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, isipokuwa msamaha wa mpango wa kundi la kampuni uwahusu. Na karibu kila mkataba wa kuuza umeme, pamoja na mkataba wa mkopo, una kifungu kinachotaka ridhaa kabla umiliki haujabadilika. Mkihamisha hisa bila ridhaa hiyo, mnampa mnunuzi wa umeme sababu ya kuvunja mkataba ambayo leo hana. Hili ndilo linaloniogopesha zaidi katika pendekezo lenu, kwa sababu linaweza kuwapotezea mtambo hata kabla ya kesi kuanza.

Mlicho nacho mkononi kina nguvu kuliko mnavyodhani. Mkataba wenu wa kuuza umeme bila shaka una kifungu cha usuluhishi, na pengine cha mabadiliko ya sheria kinachosema nani anabeba hasara serikali ikibadili mambo. Hapo mnadai kama nyinyi wenyewe, bila kujificha nyuma ya cheti cha mtu. Nje ya mkataba, Katiba kifungu cha 47 na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 zinawapa haki ya kusikilizwa na kupewa sababu kabla ya uamuzi, na kifungu cha 40 kinalinda mali. Uamuzi ukitoka kwa mamlaka ya kudhibiti nishati, rufaa huenda kwenye Jopo la Nishati na Petroli, na muda wake ni mfupi, wa kuhesabu siku. Kwa hiyo ijibuni barua ya Machi sasa, kwa maandishi, mkitaja vifungu vya mkataba na kuomba hesabu iliyotumika kufikia bei mpya. Jibu hilo litakuwa kielelezo cha kwanza popote mtakapokwenda.

Kabla ya kumlipa mshauri wa Westlands shilingi nyingine, muoneni ana kwa ana wakili wa Mahakama Kuu aliyewahi kushughulikia usuluhishi wa uwekezaji, na mhasibu wa kodi katika kikao hichohicho. Chukueni mkataba wa umeme pamoja na marekebisho yake yote, mkataba wa mkopo, leseni, CR12 ya karibuni, daftari la wanahisa, barua ya wizara na bahasha yake au barua pepe iliyoileta yenye tarehe ya kupokelewa, na kila ujumbe mliowahi kuandikiana na mshauri kuhusu London. Msifute hata mmoja. Wakili anapaswa kuuliza kwanza iwapo hisa yoyote imeshahamishwa. Ikiwa mmekwisha kutia sahihi fomu za uhamisho ambazo hazijasajiliwa, mwambieni siku hiyohiyo.